Gharama ya mtaji wa kampuni: hisa, mkopo na nafuu ya kodi kwenye riba

Mwongozo kwa wahasibu, mameneja na wajumbe wa bodi za kampuni zinazosindika mazao wilayani Rungwe

Mkulima wa Katumba au Mwakaleli anayepeleka majani mabichi ya chai kiwandani anaweza pia kuwa mwenye hisa katika kiwanda hicho. Wakulima wadogo wa Rungwe walipata hisa katika kampuni ya Wakulima Tea kupitia chama chao, wakiwa pamoja na TATEPA, ambayo iliorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 1999. Katika vikao vya kampuni za namna hii husikika kauli kwamba mkopo wa benki una gharama kwa sababu una riba, na fedha ya wanahisa haina gharama. Kauli hiyo si sahihi, na huwafanya watu wajenge mitambo isiyolipa.

Aliyeweka fedha yake kwenye hisa angeweza kununua hatifungani ya Serikali na kupokea riba bila wasiwasi. Pato aliloliacha huko, pamoja na nyongeza ya hatari anayobeba, ndiyo gharama ya mtaji wa hisa. Kampuni ikishatambua gharama hiyo, huichanganya na ile ya mkopo kwa kadiri ya uzito wa kila upande. Matokeo yake ni wastani wa gharama ya mtaji, ambao kwenye majedwali ya hesabu huandikwa hivi:

```
WACC = (E/V × Ke) + (D/V × Kd × (1 − T))
```

E ni thamani ya hisa, D ni deni, na V ni jumla ya hivyo viwili. Ke ni gharama ya hisa, Kd ni gharama ya mkopo, na T ni kiwango cha kodi ya mapato ya makampuni, ambacho Tanzania Bara kwa kawaida ni asilimia 30.

Tuchukue kampuni ya mfano iliyo karibu na Tukuyu, inayofungasha parachichi za kuuza nje. Inadaiwa na benki shilingi milioni 400. Benki imeandika riba ya asilimia 14, lakini ada ya mkopo, bima na uthamini wa dhamana vikiingizwa, gharama halisi inafika asilimia 15 kwa mwaka. Asilimia 15 ndiyo inayotumika kwenye hesabu.

Gharama ya hisa haiandikwi kwenye mkataba wowote, kwa hiyo hukadiriwa. Anza na pato la hatifungani ya muda mrefu kwenye mnada wa karibuni. Usichukue kuponi ya zamani, kwa sababu viwango hubadilika: Aprili 2022 Benki Kuu ilishusha kuponi ya hatifungani ya miaka 25 kutoka asilimia 15.95 hadi 12.56. Katika mfano wetu tuseme pato ni asilimia 13. Mwenye hisa za kiwanda cha parachichi hubeba hatari nyingi zaidi: bei ya soko la nje inaweza kushuka, umeme unaweza kukatika chumba cha baridi kikiwa kimejaa, na yeye hulipwa wa mwisho baada ya benki. Tunaongeza asilimia 7, na gharama ya hisa inakuwa asilimia 20. Kuna njia rahisi ya kujihakiki. Makadirio ya gharama ya hisa yakitoka chini ya riba ya mkopo, yamekosewa, kwa maana benki ina dhamana na hulipwa kwanza, naye mwanahisa hana dhamana yoyote.

Kwenye uzito ndipo wengi huteleza. Mizania ya kampuni hii inaonyesha mtaji wa hisa wa milioni 250, kwa sababu eneo lilinunuliwa zamani kwa bei ndogo. Mnunuzi wa leo angelipa milioni 600 kwa hisa zote, na hiyo ndiyo thamani ya kutumia. Jumla ya mtaji ni milioni 1,000, yaani asilimia 60 hisa na asilimia 40 mkopo.

Sasa nafuu ya kodi. Tuseme faida kabla ya riba na kodi ni milioni 240. Bila mkopo, kodi ingekuwa milioni 72. Kampuni hii hulipa riba ya milioni 60, ada za mkopo zikiwemo, hivyo faida inayotozwa kodi ni milioni 180 na kodi ni milioni 54. Zimebaki milioni 18 ambazo zingekwenda TRA. Riba iliyoumiza mfuko wa kampuni kweli ni milioni 42 kwa deni la milioni 400, sawa na asilimia 10.5.

```
WACC = 0.60 × 20% + 0.40 × 15% × 0.70
     = 12.0% + 4.2% = 16.2%
```

Kama riba isingepunguza kodi, wastani ungekuwa asilimia 18. Na kama mhasibu angetumia milioni 250 za mizania, angepata takriban asilimia 14.2 na kuona mtaji ni rahisi kuliko ulivyo.

Bodi inataka kujenga chumba cha pili cha baridi kwa milioni 150, mradi wenye hatari sawa na biashara iliyopo. Kitaingiza milioni 47 kila mwaka kwa miaka 5, baada ya kodi. Zikipunguzwa kwa asilimia 16.2, fedha hizo zina thamani ya leo ya milioni 153.2, na mradi unapita kwa tofauti ndogo. Kwa asilimia 18 zingekuwa milioni 147, na mradi ungeanguka. Meneja anayesema "benki inatukopesha kwa 10.5 baada ya kodi, tutumie hiyo" atapata milioni 176 na kudhani amegundua neema. Hata mkopo ukigharamia chumba chote, umepatikana kwa sababu mtaji wa wanahisa uko nyuma yake kama kinga ya benki, na mtaji huo lazima ulipwe.

Zile milioni 47 zihesabiwe kana kwamba hakuna riba: kodi itozwe kwenye faida kamili ya mradi. Nafuu ya riba imeshaingizwa kwenye asilimia 16.2. Anayeitoa riba kwenye mapato ya mradi kisha akatumia wastani huu amehesabu nafuu hiyohiyo mara mbili. Kosa hili hutambulika kwa kukagua mstari wa kodi kwenye jedwali la mradi: riba ikionekana juu yake, hesabu irudiwe.

Nafuu yenyewe ina masharti. Mkopo uwe umetumika kwenye biashara. Fedha iliyojenga nyumba ya mkurugenzi haipunguzi kodi ya kampuni. Kampuni ambayo robo au zaidi ya umiliki wake ni wa watu wasio wakazi wa Tanzania hukubaliwa riba ya deni lisilozidi uwiano wa 7 kwa 3 dhidi ya mtaji wa hisa. Chama cha ushirika ambacho mapato yake yamesamehewa kodi hakina nafuu yoyote, wala mfanyabiashara mdogo anayetozwa kodi kwa mauzo. Hao waweke T sawa na sifuri.

Na kampuni inayolipa kodi nayo huikosa nafuu mwaka mbaya. Tuseme mvua ya mawe imepiga bustani na faida kabla ya riba imeshuka hadi milioni 35. Bila mkopo, kodi ingekuwa milioni 10.5. Riba ya milioni 60 inaifuta yote, kwa hiyo nafuu ya mwaka huo ni milioni 10.5 na si 18. Hasara ya milioni 25 inayobaki huvushwa kwenda miaka ijayo, na itasaidia pale tu faida itakaporudi. Gharama ya mkopo mwaka huo ni takriban asilimia 12.4, na wastani unapanda hadi karibu asilimia 17. Kwa kiwango hicho, zile milioni 3.2 za ziada kwenye chumba cha baridi zinabaki kama nusu milioni. Kabla ya kusaini, bodi iombe hesabu ya kodi iliyolipwa kweli katika miaka 5 iliyopita, ione ni miaka mingapi faida kabla ya riba ilizidi riba yenyewe.