SOMO: Barua ya Bima Inayodai Karatasi

Ndugu na dada wa vikundi, wengi wetu huku Umoja, Kayole na Dandora tumelipia bima ya mazishi kupitia kikundi. Mtu akifariki tunajaza fomu ya madai, halafu barua inakuja: "Karatasi zifuatazo hazijafika. Zilete kwa siku 30, la sivyo faili itafungwa." Wengi husikia wamenyimwa, wananyamaza. Sivyo. Kampuni haijakataa wala haijakubali. Inangoja.

Tuchukue mfano. Kikundi cha Kayole kinadai kwa ajili ya mume wa mwanachama. Barua imeandikwa tarehe 3 Machi, imefika mkononi tarehe 12. Inataka vitu viwili: cheti cha kifo, na maelezo kwa nini jina la marehemu kwenye daftari la kikundi si sawa na la kitambulisho.

1. Hesabu siku
Soma siku zinaanzia wapi. Kama ni tarehe ya barua, mwisho ni tarehe 2 Aprili. Siku 9 zimeshapotea njiani.

2. Kila karatasi ina mlango wake
Kibali cha kuzika si cheti cha kifo. Cheti hutolewa na msajili wa vifo, na kwa msaada wa kuomba unaweza kufika Kituo cha Huduma cha Makadara. Kabla ya kutoa kibali mkononi, piga kopi. Na jina je? Mjane aende kwa wakili au kamishna wa viapo, aape kwa maandishi kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja.

3. Jibu hata kama hujakamilisha
Hapa ndipo vikundi huanguka. Cheti kinachelewa, basi watu wanakaa kukingoja mpaka siku zinapita. Usingoje! Peleka ulicho nacho na barua fupi:

"Kuhusu madai nambari (iandike). Tumeleta hati ya kiapo ya majina. Cheti cha kifo tumekiomba, na kopi ya risiti ya maombi iko hapa. Tunaomba tuongezewe siku 30. Tafadhali tujibu kwa maandishi."

Beba nakala mbili. Moja waachie, nyingine igongwe muhuri wa kupokea na tarehe, irudi kwa karani wa kikundi. Kusema kwa simu peke yake hakuachi ushahidi.

Ukinyamaza
Faili ikifungwa, hakuna pesa inayotoka. Kuifungua tena ni kuandika upya na kueleza kwa nini mlichelewa, na kama mkataba wenu unaweka muda wa mwisho wa kudai, mnaweza kukosa kabisa. Deni la jeneza na gari la maiti linabaki kwa mjane.

Mkiwa mmeleta kila kitu na kampuni inazidi kunyamaza, pelekeni malalamiko pamoja na ile nakala ya muhuri kwa Mamlaka ya Kusimamia Bima, Upper Hill.

Maswali ya kujadili
1. Nani katika kikundi chetu hupokea barua, na humwambia nani?
2. Majina kwenye daftari letu yanalingana na vitambulisho?
3. Mkataba wetu wa bima uko wapi, na unasema tudai kwa muda gani?