Taa Nyekundu ya Birika

Likizo iliyopita mjomba alinipelekea kwa simu picha ya dashibodi ya gari lake, bila neno hata moja. Ilionyesha taa nyekundu, mfano wa birika lenye tone mdomoni. Kabla ya kujibu nalitazama mshale wa mizunguko ya injini. Ungalikuwa kwenye sifuri, huenda alikuwa amefungua ufunguo tu, na hapo taa hiyo huwaka hata gari likiwa halina ubaya. Lakini ulikuwa karibu na 800: injini ilikuwa ikinguruma.

Nikaandika, "Mjomba, zima injini sasa hivi." Shikamoo ilifuata baadaye, pamoja na maelezo: presha ya oili imeshuka, vyuma vya ndani vitasagana vikavu, na dakika chache zatosha kuiua injini.

Baada ya dakika 10 alichomoa kijiti cha kupimia. Oili haikufika alama ya chini. Akaongeza hadi kati ya alama mbili, akawasha. Taa ikazimika mara moja. Kama ingalibaki, au kama oili ingalikuwa tele tangu mwanzo, ningalimwambia azime na gari livutwe hadi gereji. Hata hivyo kesho yake alikwenda kwa fundi, kuuliza oili ilikokwenda.