Somo la Jumamosi: Taarofu ya Waajemi, na jinsi ya kuitia katika Kiingereza



Mwanafunzi wetu mmoja alitumwa na mama yake apeleke sahani ya sambusa kwa jirani, mama wa Kiirani. Yule mama alipokea, akamwambia kwa Kiingereza, "Mkono wako usiume." Mtoto akarudi nyumbani anajitazama mkono, akaja kuniuliza kuna nini.

Hakuna kitu. Kwa Kiajemi husemwa *daste shoma dard nakone*, yaani mkono wako usiume, na kazi yake ni kushukuru tu. Adabu ya namna hii huitwa taarofu. Neno lenyewe lina asili ya Kiarabu, na lina undugu na maneno yetu taarifa na maarifa. Ndani yake mtu hujishusha na kumpandisha mwenziwe: mgeni hukataa chai kwanza, mwenyeji husisitiza, na muuza duka ukimuuliza bei hujibu *ghabeli nadare*, haina thamani. Ukiondoka bila kulipa umeharibu. Unatakiwa usisitize, naye atataja bei.

Ugumu uko kwenye Kiingereza. Waingereza wanapenda maneno machache, na sifa zikizidi hudhani unawadhihaki au unataka kitu. Kwa hiyo kabla ya kutafsiri jiulize: sentensi hii inafanya kazi gani? Inashukuru, inaaga, au inakataa kwa mara ya kwanza? Kisha tafuta sentensi ya kawaida ya Kiingereza inayofanya kazi hiyohiyo. Mkono usioumwa unakuwa asante, ukitaja alichofanya: asante kwa kutuletea chakula. Shangazi anayemaliza simu kwa *ghorbanet beram*, niwe kurbani yako, anaaga kwa mapenzi tu. Usimwandikie habari za kuchinjwa. Mwandikie kwaheri mpenzi. Na *khaste nabashid*, usichoke, ndiyo pole na kazi yetu. Kiingereza hakina neno lake, basi mwambie mfanyakazi asante kwa kazi, au muulize siku yake ilikuwaje.

Sasa niwaeleze mahali ambapo jambo hili si mchezo. Mimi ni muuguzi. Tulikuwa na mzee wa Kiirani aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga. Nilimuuliza, mjukuu wake akitafsiri, kama anataka dawa ya maumivu. Akajibu *na, zahmat nakeshid*. Kijana akatafsiri neno kwa neno: hapana, usijisumbue. Nikaandika kwamba mgonjwa amekataa dawa. Usiku nilimkuta ameshika chuma cha kitanda, jasho linamtoka, mapigo ya moyo yako juu.

Asubuhi alikuja mkalimani wa kazi. Nilipouliza swali lilelile mzee akatoa jibu lilelile, na mkalimani akanitafsiria hivi: "Anasema hapana, hataki kukusumbua. Mimi mkalimani naongeza kwamba kwao hapana ya kwanza mara nyingi ni adabu. Naomba umuulize tena." Angalieni alivyofanya. Hakuigeuza hapana kuwa ndiyo, maana hana haki ya kumsemea mgonjwa. Alitoa jibu kama lilivyo, akasema wazi kwamba nyongeza ni yake, akaniachia swali mimi.

Nami nikabadilisha swali. Badala ya kumuuliza kama anataka, nilisema, "Dawa yako hii hapa, si usumbufu, ndiyo kazi yangu. Maumivu ni ngapi kati ya sifuri na kumi?" Akasema saba. Akameza.

Utajuaje kama mtu anakataa kweli? Kukataa kwa kweli kwa kawaida huja na sababu, kama vile dawa ile inamtia kichefuchefu, na hakubadiliki ukiuliza mara ya pili na ya tatu. Wengine husema *taarof nemikonam*, sifanyi taarofu, ingawa hata hiyo nayo inaweza kuwa taarofu! Ukishauliza hivyo na jibu bado ni hapana, liheshimu. Kumlazimisha mtu kwa kisingizio cha mila nako ni kumkosea.

Kuna mahali pamoja pa kuuacha ule mkono kama ulivyo: unapotafsiri hadithi, ambapo msomaji anataka kumsikia bibi wa Kiirani akisema kwa namna yake. Hapo iache picha, ila sentensi iwe fupi, na matendo ya wahusika yaonyeshe kwamba ni shukrani.

Zoezi la nyumbani. Tafsiri kwa Kiingereza cha kawaida, kisha andika kila sentensi inafanya kazi gani:

1. Mgeni anakuaga: "Nimekuumiza kichwa." (*Sare shoma ra dard avardam*, baada ya kuzungumza sana.)
2. Rafiki anakusimulia safari: "Nafasi yako ilikuwa tupu." (*Jaye shoma khali.*)
3. Bibi yako mwenyewe, kwa Kiswahili, anamwambia daktari: "Tupo tu, tunasukuma siku." Je, anajibu salamu, au anaumwa? Ungemuuliza nini zaidi kabla ya kumtafsiria daktari?

Tutasahihisha pamoja Jumamosi ijayo. Leteni madaftari.

Mwalimu wenu