Muhtasari wa Video Isiyofunguka

Tuchukue mfano wa mwanachuo aliye katika mazoezi ya kufundisha huko Mikumi. Amempelekea mkufunzi wake, aliyeko Kilosa, video ya somo ili aifanyie muhtasari, nayo haifunguki. Kule ina MB 40. Huku zimefika MB 12. Fahirisi ya faili la MP4 mara nyingi huwa mwishoni. Mwisho ukikatika, hata mwanzo hauchezi. Jina lake, “Sehemu, Darasa la Nne”, hutupa mada tu, si majibu ya watoto. Tunashauri mkufunzi aseme wazi kwamba hakuiona, aombe maandishi ya maneno yote, msemaji kwa msemaji, kisha aandike juu ya muhtasari: “Umetokana na maandishi.” Matumizi ya ubao na ukimya wa darasa asivihukumu.