Zungumza na Mafundi Kabla ya Kujiandikisha Chuoni

Kila mwaka wazazi na vijana wa kata zetu hupitia orodha ya fani zinazofundishwa katika vyuo vya VETA na kuchagua moja kwa kuangalia jina lake. Muhtasari wa masomo humweleza kijana atakachojifunza darasani. Haumwelezi siku ya fundi huanza saa ngapi, malipo huingia kwa mtindo gani, wala miaka ya mwanzo baada ya cheti hupitaje. Mambo hayo yanajulikana kwa wanaofanya kazi yenyewe, na njia ya kuyapata ni mazungumzo mafupi yaliyopangwa, ambayo lengo lake ni kupata taarifa tu, wala si kuomba ajira.

Makala hii inatumia mfano wa binti aliyemaliza Kidato cha Nne na anayefikiria fani ya umeme wa majumbani.

Nani wa kuzungumza naye

Mtu mmoja hatoshi. Fundi aliyefanikiwa husimulia mafanikio, na aliyekwama husimulia kukwama. Binti huyu atafute watu watatu waliosimama mahali tofauti katika kazi ileile. Wa kwanza awe amemaliza chuo ndani ya miaka miwili au mitatu, kwa kuwa bado anakumbuka namna alivyopata kazi ya kwanza. Wa pili awe mkandarasi mwenye leseni ya EWURA na uzoefu wa miaka mingi. Wa tatu awe mtu aliyeacha ufundi akaenda kwenye shughuli nyingine. Huyu husahaulika mara nyingi, ilhali ndiye mwenye uhuru mkubwa wa kueleza upande mgumu.

Inafaa angalau mmoja wao atoke kata nyingine. Fundi wa mtaani kwenu anaweza kumwona kijana kama mshindani wa kesho, akamkatisha tamaa au akaficha viwango vya malipo. Muuzaji wa duka la vifaa vya umeme huwafahamu mafundi wengi, na Ofisi ya Mtendaji wa Kata ni mahali pengine pa kuulizia.

Namna ya kuomba nafasi

Ombi liwe fupi, litaje aliyekuelekeza, muda unaohitaji na jambo unalotaka kujua. Ujumbe wa simu unaweza kuwa hivi:

“Shikamoo fundi. Mimi ni (jina), natoka Kitongoji cha (jina). Namba yako nimepewa na (jina), mwenye duka la vifaa. Ninafikiria kusomea umeme wa majumbani, nami ningependa kukuuliza kuhusu kazi yako kwa dakika 20, siku na mahali utakapopanga wewe. Siombi ajira wala fedha. Ahsante.”

Sentensi ya kutoomba ajira ina kazi kubwa. Fundi anayehofia kuombwa kibarua hutafuta udhuru. Akijua anaulizwa uzoefu wake tu, huwa mwepesi kukubali. Kijana naye hana budi kulitimiza neno hilo mpaka mwisho wa mazungumzo. Asipojibiwa, akumbushe mara moja baada ya siku nne au tano, kisha amtafute mwingine. Asimfuate fundi asubuhi anapoelekea kwenye eneo la kazi. Jioni au siku ya mapumziko hufaa zaidi.

Maswali yanayozaa majibu

Swali la “Je, kazi hii inalipa?” huzaa jibu la “Inalipa kiasi,” ambalo halimsaidii mtu. Sababu ni kwamba linaomba maoni. Maswali yenye manufaa huomba matukio: “Wiki iliyopita ulifanya kazi gani, siku kwa siku?” “Kazi yako ya mwisho ilipatikanaje?” “Tangu umalize chuo, ilikuchukua muda gani kupata kazi yako mwenyewe bila kuwa chini ya fundi mwingine?” “Ni kazi gani iliwahi kukutia hasara, na ilikuwaje?”

Kuhusu fedha, si adabu kumuuliza mtu mzima kipato chake. Badala yake, binti aulize kuhusu kazi moja: “Nyumba ya mwisho uliyoifanyia wayaringi, malipo yalipangwaje, na yaliingia kwa awamu ngapi?”

Tuchukulie kwamba fundi amejibu hivi: walikubaliana ufundi wa shilingi 300,000. Alitindua kuta na kulaza mabomba kwa siku 4, akalipwa 120,000. Humo alimlipa msaidizi 30,000 na nauli ikala 20,000. Salio la 180,000 linasubiri mwenye nyumba apige plasta na kununua nyaya, na sasa umepita mwezi wa tano.

Jibu hilo lina mafunzo mawili. Kwanza, fedha iliyobaki mkononi ni 70,000 kwa siku 4, wala si 300,000. Pili, wananchi wengi hujenga kidogo kidogo, hivyo kazi moja hukatika vipande na fundi hulazimika kuwa na nyumba kadhaa kwa wakati mmoja ili aishi. Hapo binti ataelewa kwamba fani hii inadai stadi ya umeme pamoja na uwezo wa kutunza wateja na kusubiri malipo.

Suala la leseni nalo liulizwe waziwazi. Cheti cha chuo na leseni ni vitu viwili tofauti. Kabla TANESCO haijaunganisha umeme, kazi ya wayaringi huthibitishwa na mkandarasi mwenye leseni ya EWURA. Kwa hiyo amuulize fundi kijana: “Kwa sasa kazi zako huthibitishwa na nani, na mnaelewana vipi?” Kisha amuulize mkandarasi: “Ulipita hatua zipi mpaka kupata leseni?” Majibu ya wawili hao yakiwekwa pamoja yataonyesha urefu wa njia iliyo kati ya kumaliza chuo na kujitegemea.

Swali la mwisho liwe: “Ni nani mwingine unayeona nizungumze naye?” Mtu aliyetajwa na fundi mwenzake huwa rahisi kufikiwa.

Kuandika na kulinganisha

Binti aombe ruhusa ya kuandika, na dakika 20 zikitimia akumbushe muda hata kama mazungumzo yamenoga. Mwenyeji mwenyewe ataongeza akipenda. Siku hiyohiyo ajaze daftari lenye safu mbili: upande mmoja mambo aliyoyasikia yakiwa matukio, upande wa pili mambo yaliyokuwa maoni. “Nililipwa awamu mbili” ni tukio. “Wanawake hawawezi kupanda darini” ni maoni, na dawa yake ni kumtafuta fundi mwanamke na kumuuliza.

Jambo lililosemwa na wote watatu lichukuliwe kuwa hali halisi ya fani. Lililosemwa na mmoja tu lihesabiwe kuwa historia yake mpaka mwingine alithibitishe. Wakipingana, kwa mfano mmoja akisema kazi ni nyingi na mwingine akisema hakuna, aangalie kwanza wanafanyia kazi wapi na kwa wateja wa aina gani.

Kesho yake atume ujumbe wa shukrani akitaja jambo moja alilojifunza, na akifikia uamuzi, hata kama ni wa kuacha fani hiyo, awajulishe wote watatu. Akiamua kuendelea, atahitaji fundi wa kumpokea kwa mafunzo kwa vitendo, na watu hao watatu watakuwa wanamfahamu tayari.