Kamera za Mwendo wa Wastani na Kamera za Taa Nyekundu

Nchini Rwanda madereva wamezipa kamera za barabarani jina la Sofia, na wengi wao wanajua zilipo. Kamera iliyosimikwa mahali pamoja hupima mwendo wa gari katika mita chache tu zilizo mbele yake. Dereva aliyeizoea hukanyaga breki anapoikaribia, akaongeza mwendo akishaipita, na kamera haina la kusema juu ya kilomita zilizosalia.

Kamera za mwendo wa wastani, kama zile zilizowekwa mwaka 2005 katika barabara ya A77 huko Uskoti, hutazama sehemu nzima ya safari. Hufanya kazi mbili kwa pamoja. Kila moja hupiga picha ya namba ya gari na kuandika saa lilipopita. Kisha kompyuta hulinganisha namba hizo na kugawa umbali kwa muda.

Tuchukue mfano wa kamera mbili zilizoachana kilomita 10, mahali ambapo mwisho wa mwendo ni kilomita 80 kwa saa. Mwenye kutii hutumia dakika 7 na sekunde 30 au zaidi. Gari lililotumia dakika 6 lilikuwa na wastani wa kilomita 100 kwa saa. Dereva wake akisema kwamba alipita kila kamera kwa mwendo wa 80, basi amejishtaki mwenyewe, kwa kuwa ni lazima kati yake alizidi hata 100.

Wengine hulalamikia saa za kamera. Katika mfano wetu, kosa la sekunde moja lingebadili wastani kwa chini ya kilomita 0.3 kwa saa. Lakini kamera zikiachana mita 500 tu, sekunde hiyohiyo ingebadili jibu kwa zaidi ya kilomita 5, na hapo malalamiko yangekuwa na uzito. Udhaifu wao mwingine ni huu: aliyekimbia kupita kiasi kisha akasimama njiani kunywa chai huonekana mtulivu.

Kamera ya taa nyekundu hujibu swali jingine kabisa: je, gari liliingia makutano baada ya taa kugeuka? Vihisio vilivyofukiwa karibu na mstari wa kusimamia, au rada, huiamsha taa ikiwa nyekundu tu. Picha ya kwanza huonyesha gari likifika mstarini na taa ikiwa nyekundu. Ya pili, muda mfupi baadaye, huonyesha limesonga hadi katikati. Huandikwa pia ni sekunde ngapi zimepita tangu taa iwe nyekundu.

Kwa hiyo aliyeingia taa ikiwa ya manjano akakwama kwenye foleni hanaswi kwa kosa hilo, kwani alikwisha kuvuka mstari. Aliyevuka mstari kidogo akasimama, picha ya pili humkuta palepale. Ukiletewa taarifa ya faini, tazama kwanza picha hizo mbili pamoja: magurudumu yalikuwa wapi, na taa ilikuwa ya rangi gani, katika ile ya kwanza.