Rufaa ya alama: ambatisha nini?

SWALI: Niko likizo nyumbani Gonja, Same. Matokeo ya chuo yametoka, somo moja nimepewa B nikitarajia B+. Rufaa niiandikeje?

JIBU: Kwanza tafuta kosa liko wapi. Tuseme jaribio la kwanza ulipata 11, la pili 10, kazi ya kikundi 7. Jumla 28 kati ya 40, lakini kwenye mfumo zinasomeka 18. Ukijumlisha na 33 za mtihani, unapata 51 badala ya 61. Jaribio la pili halikuingizwa.

Sentensi ya kwanza itaje namba ya usajili, somo na ombi: alama 10 ziingizwe. Hesabu ifuate, kila namba ikielekeza kwenye kiambatisho chake: karatasi ya jaribio iliyosahihishwa, mwongozo wa somo unaoonyesha uzito wa alama, na picha ya matokeo kwenye mfumo. Usiombe kusahihishiwa upya mtihani. Hilo ni dai jingine. Habari za ada na nauli ziache, hazithibitishi alama.

Peleka kwa mkuu wa idara kabla muda wa rufaa haujaisha, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa.